Ongeza kiti kimoja, upoteze kimoja: kitendawili cha Alabama

Uzi wa leo una hesabu, lakini usitoroke. Ni kugawanya na kujumlisha tu, hakuna kingine.

Kila msimu wa mjadala wa katiba au wa sheria za uchaguzi, mtu fulani husimama na kusema, "Viti havitoshi, tuongeze." Na kila mtu anachukulia kwamba kuongeza viti hakumuumizi yeyote. Keki ikiwa kubwa, kipande cha kila mtu kinakuwa kikubwa au kinabaki vile kilivyokuwa. Si ndivyo?

La hasha. Kuna njia ya kugawa viti, inayoonekana ya haki kabisa ukiitazama mara ya kwanza, ambayo ukiongeza kiti kimoja kundi fulani linaweza kupoteza kiti ambacho tayari lilikuwa nacho. Hakuna mtu ameiba. Idadi ya watu haijabadilika hata kwa mmoja. Ni hesabu yenyewe.

Tuanze na mfano mdogo. Kama kawaida ya uzi huu hatutaji chama, kwa hivyo nimewapa majina ya ndege. Bunge letu la kufikirika lina wabunge 150. Korongo wana 65, Kanga wana 64, Chiriku wana 21. Kunaundwa kamati ya viti 10, na viti vigawanywe kwa uwiano.

Wabunge 150 kwa viti 10 ni wabunge 15 kwa kila kiti. Korongo: 65 gawanya kwa 15 ni 4.33. Kanga: 64 gawanya kwa 15 ni 4.27. Chiriku: 21 gawanya kwa 15 ni 1.40.

Shida ni kwamba hakuna mtu anaweza kukaa kwenye 0.33 ya kiti. Kwa hivyo kila kundi lipewe kwanza nambari yake kamili: 4, 4 na 1. Hiyo ni 9. Kimebaki kiti kimoja. Apewe nani? Jibu ambalo watu wengi hutoa haraka: aliye na desimali kubwa zaidi. Korongo ana .33, Kanga ana .27, Chiriku ana .40. Kiti kinaenda kwa Chiriku.

Matokeo ya viti 10: Korongo 4, Kanga 4, Chiriku 2. Poa.

Njia hii inaitwa mbinu ya masalio makubwa. Kule Amerika inaitwa kwa jina la mwanasiasa wa karne ya 18, lakini sheria ya hapa ni sheria, hata marehemu hatuwataji.

Sasa mtu anasema kamati ina kazi nyingi, tuongeze kiti kimoja kiwe 11. Wabunge ni wale wale 150. Kila kiti sasa ni cha wabunge 13.64. Rudia hesabu.

Korongo 4.77. Kanga 4.69. Chiriku 1.54.

Ona kwanza kwamba haki ya kila kundi imepanda, hata ya Chiriku, imetoka 1.40 ikafika 1.54. Nambari kamili bado ni 4, 4 na 1, jumla 9. Sasa kuna viti viwili vya kugawa kwa desimali. Desimali kubwa ni .77 ya Korongo, kisha .69 ya Kanga. Chiriku na .54 yake amebaki nje.

Matokeo ya viti 11: Korongo 5, Kanga 5, Chiriku 1.

Kamati imekua kwa kiti kimoja, wakubwa wameongezewa viti viwili, na cha pili kimetoka kwa Chiriku. Ukitaka kucheka zaidi, endelea. Kwa viti 12, haki zao ni 5.20, 5.12 na 1.68, kwa hivyo Chiriku anarudishiwa kiti chake cha pili. Na kwa viti 9 alikuwa na kimoja. Yaani kamati ikikua kutoka 9 hadi 12, Chiriku anapata 1, halafu 2, halafu 1, halafu 2. Kama taa ya mtaa yenye waya mbovu.

Kwa nini inatokea? Hapa ndipo watu wengi hukosea, wanadhani ni bahati mbaya ya namba. Kuna sababu, na ni rahisi.

Ukiongeza kiti kimoja kutoka 10 hadi 11, haki ya kila kundi inapanda kwa asilimia ile ile, hapa asilimia 10. Lakini asilimia 10 ya kitu kikubwa ni kubwa kuliko asilimia 10 ya kitu kidogo. Korongo amepanda kutoka 4.33 hadi 4.77, yaani amesonga kwa 0.43 hivi. Chiriku amesonga kwa 0.14 peke yake. Lakini mbinu ya masalio haiangalii asilimia. Inaangalia desimali tu, inazipanga foleni zote pamoja kana kwamba 0.1 ya kundi kubwa na 0.1 ya kundi dogo zimepatikana kwa jasho moja. Kwa hivyo desimali za wakubwa zinakimbia kasi, za wadogo zinatembea. Chiriku alikuwa mbele, akapitwa barabarani na wawili kwa mpigo.

Kumbuka hili: kosa haliko kwenye kugawanya. Liko kwenye kuchukua ile desimali, kuitenga na nambari kamili iliyokuwa imeshikamana nayo, na kuifanya mshindani anayejitegemea.

Sasa mtu atasema, "Huo ni mfano wa kutunga, umechagua namba zako." Ndiyo, nimezichagua. Kwa hivyo twende kwenye namba ambazo hakuna aliyezichagua.

Amerika hugawa viti vya Baraza la Wawakilishi kati ya majimbo kulingana na sensa ya kila miaka 10. Baada ya sensa ya 1880, ukubwa wa baraza ulikuwa bado haujaamuliwa, na mbinu ya masalio makubwa ilikuwa kwenye sheria tangu miaka ya 1850. Karani mkuu wa Ofisi ya Sensa, C. W. Seaton, akafanya jambo la busara sana: hakupiga hesabu ya ukubwa mmoja, alipiga ya kila ukubwa kuanzia viti 275 hadi 350, ili wabunge wachague. Ndipo alipoona kitu cha ajabu. Kwa viti 299, Alabama inapata 8. Kwa viti 300, Alabama inapata 7.

Namba zenyewe ni hizi. Sensa iliyotumika ilikuwa na watu 49,371,340. Alabama ilikuwa na 1,262,505, Texas 1,591,749 na Illinois 3,077,871.

Baraza likiwa na viti 299, haki ya Alabama ni 7.646, ya Texas 9.640 na ya Illinois 18.640. Alabama iko mbele ya wenzake kwa uzi mwembamba, na inachukua kiti cha mwisho kabisa. Baraza likiwa na viti 300, Alabama ni 7.671, Texas 9.672 na Illinois 18.702. Alabama imepanda kidogo, Texas imepanda kidogo zaidi, Illinois imeruka. Kwa hivyo Texas inaenda 10, Illinois inaenda 19, na Alabama inashuka hadi 7. Tofauti kati ya .671 na .672, ndiyo hiyo iliyobeba kiti.

Tangu hapo jambo hili likaitwa kitendawili cha Alabama. Safari hiyo walikwepa tu: walichagua baraza la viti 325, ukubwa ambao mbinu ya masalio na mbinu shindani ya wakati huo zilitoa jibu moja, basi hakukuwa na cha kupigania.

Lakini kukwepa si kutatua. Baada ya sensa ya 1900 majedwali yalitengenezwa tena, kwa viti 350 hadi 400. Colorado ilipata viti 3 katika kila ukubwa kwenye jedwali lote, isipokuwa mmoja. Kwa viti 357 ilipata 2. Na kamati iliyohusika ikapendekeza ukubwa gani? 357.

Hapo ndipo hesabu inageuka kuwa siasa. Mtu aliye na jedwali mbele yake anaweza kuchagua ukubwa wa bunge akijua tayari nani ataumia, kisha asimame kwa sauti tulivu na kusema, "Mimi nimeongeza viti tu." Mswada ule ulizua kelele na haukupita ulivyokuwa. Wakaishia kwa viti 386 na mbinu nyingine.

Mbinu gani? Hapo ndipo kuna dawa, na inaeleweka bila digrii.

Badala ya kutenga desimali, pangeni viti kwa foleni moja. Chukua wabunge wa kila kundi, gawanya kwa 1, kwa 3, kwa 5, kwa 7, kwa 9, na kuendelea. Kisha panga majibu yote kutoka kubwa hadi ndogo. Aliye na jibu kubwa zaidi anachukua kiti cha kwanza, anayefuata anachukua cha pili, hadi viti viishe. Hii inaitwa mbinu ya Sainte-Laguë, kwa jina la mwanahisabati Mfaransa. Inatoa jibu sawa na ile waliyoikimbilia Wamarekani 1901.

Turudi kwa ndege wetu. Majibu ya Korongo: 65, 21.67, 13, 9.29, 7.22. Ya Kanga: 64, 21.33, 12.8, 9.14, 7.11. Ya Chiriku: 21, halafu 7.

Ukizipanga, viti 9 vya kwanza vinatoka 4, 4 na 1. Kiti cha 10 ni 7.22 ya Korongo. Cha 11 ni 7.11 ya Kanga. Cha 12 ni 7 ya Chiriku.

Sasa tazama kwa nini hakuna anayeweza kupoteza. Ukitoka viti 10 kwenda 11, hufungui hesabu upya. Unashuka hatua moja kwenye foleni ile ile na kumpa anayefuata. Waliokwisha kupewa hawaguswi, kwa sababu nafasi zao kwenye foleni hazitegemei idadi ya viti. Hiyo ndiyo siri yote. Mbinu yoyote inayofanya kazi kwa foleni ya namna hii haiwezi kuzaa kitendawili cha Alabama, hata ukijaribu mwaka mzima.

Kuna njia nyingine ya kuiona, kama unapenda mambo ya sokoni. Fikiria kila kiti kina bei, na bei inalipwa kwa wabunge. Unaanza na bei ya juu, hakuna anayeweza kununua, kisha unaishusha polepole. Bei ikishuka, uwezo wa kila mtu unapanda au unabaki, haushuki. Kuongeza kiti ni kushusha bei kidogo tu. Hakuna siku bei imeshuka ukarudisha ulichonunua. Ndiyo maana jamii hii yote huitwa mbinu za vigawanyo: kinachotafutwa ni kigawanyo kimoja kinachofaa wote.

Nimesema jamii, kwa sababu ziko kadhaa, na hapa tafadhali usiniache. Zote hazina kitendawili cha Alabama. Lakini hazigawi sawa.

Ukigawanya kwa 1, 2, 3, 4 badala ya 1, 3, 5, 7, hiyo ni mbinu ya D'Hondt, kwa jina la mwanasheria Mbelgiji. Jaribu kwa ndege wetu. Jibu la pili la Chiriku ni 21 gawanya kwa 2, yaani 10.5. Lakini Korongo akigawanya 65 kwa 6 anapata 10.83, na Kanga 64 kwa 6 anapata 10.67. Wote wawili wanamtangulia hadi kiti chao cha sita. Chiriku anasubiri hadi kiti cha 14 ndipo apate cha pili.

Halafu kuna ya Huntington na Hill, mmoja mwanahisabati, mwingine mtakwimu. Ndiyo Amerika imetumia tangu 1941. Vigawanyo vyake vina vipeuo vya pili ambavyo sitawatesa navyo, lakini matokeo yake kwa mfano wetu ni kwamba Chiriku anapata kiti chake cha pili mapema, kwenye kiti cha 10, kabla ya Korongo kufika cha tano.

Kwa hivyo mbinu tatu, zote safi kuhusu kuongeza viti, lakini kiti kimoja cha kundi dogo kinakuja kwenye nafasi ya 10, au ya 12, au ya 14. Ndiyo maana mtu akikuambia "tutatumia mbinu isiyo na vitendawili", bado hajakuambia lolote kuhusu nani anapendelewa. D'Hondt huinua wakubwa. Huntington na Hill huwainua wadogo kidogo. Sainte-Laguë inakaa katikati, na mimi ukiniuliza ndiyo ningechagua. Ujerumani nayo ilitumia masalio makubwa katika chaguzi za bunge lake kuanzia 1987 hadi 2005, kisha ikahamia Sainte-Laguë kuanzia uchaguzi wa 2009.

Je, basi masalio makubwa haina utetezi wowote? Ina mmoja, na ni wa maana. Haiwezi kamwe kukupa pungufu ya nambari yako kamili wala zaidi ya nambari kamili inayofuata. Haki yako ikiwa 7.3, utapata 7 au 8, basi. Mbinu za vigawanyo haziwezi kuahidi hivyo.

Chukua bunge la watu 100: kundi moja lina 70, na mengine kumi yana watu 3 kila moja. Kamati ni ya viti 10. Haki ya kundi kubwa ni 7 kamili, hata desimali haina. Ukitumia Sainte-Laguë, jibu la kundi kubwa kwa kiti cha kumi ni 70 gawanya kwa 19, yaani 3.68. Kundi dogo lina 3. Kwa hivyo kundi kubwa linabeba viti vyote 10, na wale 30 waliotawanyika hawana hata mmoja. Mfano huu ni wa kupindukia, nakubali, lakini ndio mpaka wa dawa yenyewe: inafanya kazi vizuri zaidi pale ambapo makundi si vipande vipande namna hiyo.

Wanahisabati Michel Balinski na Peyton Young walifuatilia jambo hili hadi mwisho. Miaka ya 1970 walibuni mbinu inayokaa ndani ya nambari kamili na pia haina kitendawili cha Alabama, kwa hivyo hivyo viwili vinaweza kuishi pamoja. Lakini kuna ndugu yake mbaya zaidi: kundi ambalo watu wake wanaongezeka kwa kasi linapoteza kiti kwa kundi linaloongezeka polepole. Huyo ndugu walithibitisha kwamba hakuna mbinu, iliyobuniwa au itakayobuniwa, inayoweza kumzuia na wakati huo huo kukaa ndani ya nambari kamili siku zote. Itabidi uchague kimoja. Vigawanyo vinamzuia, na gharama yake ni ule mfano wa 70 na 3.

Na kwetu? Katiba ya 2010 ina viti vya kugawa kwa uwiano: 12 vya kuteuliwa katika Bunge la Kitaifa, 16 vya wanawake katika Seneti, na vile vya mabunge ya kaunti. Kifungu cha 90 kinasema vigawanywe kulingana na viti ambavyo kila chama kimeshinda. Hakisemi desimali zifanywe nini. Hilo linaachiwa sheria na kanuni za chini. Na 12 ni namba ndogo, ndogo sana. Mahali viti ni vichache hivyo, desimali moja si jambo la pembeni, kwa chama kidogo ndiyo kila kitu.

Kwa hivyo siku mtu ataleta pendekezo la kubadilisha hizo 12 ziwe 15 au 20, au kuunda kamati mpya ya uwiano, usiishie kuuliza "viti vingapi?" Omba mambo mawili. Kwanza, sentensi ya sheria inayosema desimali zinashughulikiwa vipi. Ukiona maneno kama "salio kubwa zaidi", ujue kitendawili kinawezekana. Ukiona kugawanya kwa mfululizo na kupanga majibu kwa ukubwa, hakiwezekani, lakini angalia ni mfululizo upi, 1, 2, 3 au 1, 3, 5.

Pili, omba jedwali kama la Seaton. Si la ukubwa uliopendekezwa peke yake, la kila ukubwa ulio jirani: tano chini, tano juu. Pitisha kidole kwenye safu ya kila kundi. Safu ikipanda au kukaa, sawa. Ikishuka mahali kisha ikapanda tena, na pendekezo likawa limeangukia papo hapo kwenye shimo, muulize aliyeandika alifikaje kwenye namba hiyo. Simu yako ina kikokotoo, na hesabu yote ya ndege haichukui hata dakika kumi.